Kuelekeza si ubabe, kukasimu si kutelekeza

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma mwaka wa pili chuo hapa Mbeya. Kikundi chetu cha watu sita kilifanya utafiti wa biashara ya viazi soko la Uyole, nami ndiye nilikuwa kiongozi. Sasa kila mmoja anatakiwa aandike ripoti tafakari ya maneno 2,000 akilinganisha mitindo ya uongozi na uongozi kulingana na hali. Niliandika kwamba mimi ni kiongozi wa kidemokrasia, ila kuna siku nililazimika kuwa dikteta. Mhadhiri ameirudisha na kuandika pembeni: "Ushahidi uko wapi, na ni kwa kazi ipi?" Sielewi anataka nini. Nakutumia rasimu pamoja na meseji za kikundi.*

Marahaba, binti yangu. Nimesoma rasimu mara mbili, na meseji zote nimezipitia, hata zile za saa saba usiku. Nikuambie mapema kilichonishangaza: ripoti nzuri unayo tayari, ila imo kwenye meseji, haimo kwenye rasimu. Katika rasimu umejipa jina. Katika meseji wanaonekana watu sita, kazi zao na tarehe zake. Mhadhiri anataka uvitoe vile vya meseji uvilete kwenye karatasi.

Tuanze na hizo nadharia mbili, maana umeziweka sura moja kama vile ni orodha mbili za kitu kile kile. Hazifanani hata swali zinalouliza.

Mitindo mitatu uliyoitaja, yaani wa kiimla, wa kidemokrasia na wa kuacha huria, inatokana na kazi ya Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White iliyochapishwa mwaka 1939. Walikuwa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, wakichunguza klabu za wavulana wa miaka kumi hivi waliokutana kufanya kazi za mikono, kama kutengeneza barakoa. Kila klabu iliongozwa na mtu mzima aliyefundishwa kutumia mtindo fulani, na wachunguzi waliandika kila kilichotendeka. Swali lao lilikuwa hili: mwenendo wa kiongozi unakifanya kikundi kiwe cha namna gani?

Wanafunzi wengi husoma hadi hapo, wakachukua majina matatu na kwenda. Yako mambo mawili ndani ya jaribio lile ambayo ripoti yako inayahitaji. La kwanza, watu wazima wale walibadilisha mtindo kutoka klabu moja hadi nyingine. Mtu aliyekuwa mwimla huku, kule alikuwa wa kidemokrasia. Kwa hiyo hata kwa Lewin mwenyewe mtindo si hulka ya mtu. Ni namna anavyotenda mahali fulani kwa muda fulani. Sentensi yako ya "mimi ni kiongozi wa kidemokrasia" haiungwi mkono na chanzo chenyewe ulichokitaja. La pili, kiongozi alitoka chumbani kwa makusudi ili ionekane kitakachofuata. Katika klabu za kiimla kazi ilishuka alipotoka. Katika za kidemokrasia iliendelea karibu kama alivyoiacha. Hicho ni kipimo, na wewe unacho: zipo saa na siku ambazo hukuwapo.

Paul Hersey na Ken Blanchard, wenye nadharia ya uongozi kulingana na hali, walikuja mwaka 1969 na swali jingine. Wao hawaanzi na kiongozi, wanaanza na anayetenda kazi. Walianza kwa kufananisha na mzazi anayepunguza kumshika mkono mtoto kadiri anavyokua, na ndiyo maana mwanzoni waliiita nadharia ya mzunguko wa maisha ya uongozi. Kwa kila kazi unauliza mambo mawili kuhusu mtu: anaiweza? Na je, yuko radhi, ana moyo na uhakika wa kuifanya? Majibu hayo ndiyo utayari wake, na utayari ndio unaokuambia utumie mtindo gani kati ya minne: kuelekeza, kushawishi, kushirikisha au kukasimu. Kuelekeza ni maagizo mengi na mazungumzo machache. Kushawishi ni maagizo mengi na mazungumzo mengi, unaeleza sababu na kupokea maswali. Kushirikisha ni mazungumzo mengi na maagizo machache, kwa mtu anayeijua kazi tayari. Kukasimu ni kumwachia mwenyewe.

Neno la kushika hapo ni "kwa kila kazi". Utayari hauko kwa mtu kama urefu wake ulivyo. Mwenzako mmoja sokoni alikuwa hodari kuliko wewe, na wiki iliyofuata mbele ya Excel hakujua aanzie wapi. Mhadhiri alipoandika "kwa kazi ipi?" alikuwa anagusa hapo.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka ulibebe. Ukiziweka nadharia hizi pamoja, utaona mitindo miwili ya Lewin ina pacha wa uongo kwa Hersey na Blanchard. Kwa mbali, kuelekeza kunafanana na uimla, na kukasimu kunafanana na kuacha huria. Wanafunzi wengi ninaowasahihishia huandika kana kwamba ni kitu kimoja kilichobadilishwa jina. Ukiweza kuonyesha, kwa matukio yako mwenyewe, mahali wanapotofautiana, umelinganisha. Ukishindwa, umeorodhesha tu.

Chukua asubuhi ya kwanza Uyole. Kwenye rasimu umeipa mistari mitatu na ndani yake umejilaumu: "nililazimika kuwa dikteta." Meseji zinasimulia vingine. Mlifika saa moja na nusu, baridi na ukungu, malori ya kutoka Umalila yanashusha. Mlikuwa na madodoso 60, kumi kwa kila mtu. Mkasimama kando ya mizani mkijadili nani aende kwa madalali, nani kwa akina mama wanaouza rejareja, nani kwa wanaofunga magunia. Mkapiga kura, mmoja akapinga, mkapiga tena. Hadi saa nne mlikuwa na madodoso matatu, na wafanyabiashara wenye nafasi ya kuongea walishaanza kuondoka na mizigo yao. Hapo ukaandika kwenye kundi la WhatsApp meseji moja ndefu: wawili wawili, kila jozi na mstari wake wa soko, nani aulize na nani aandike, swali la lumbesa liulizwe mwisho kwa sababu likiulizwa mwanzo mtu anadhani mmetumwa na watu wa vipimo, na saa saba wote mkutane kwenye kibanda cha chai. Saa saba mlikuwa na madodoso 31.

Soma tena jinsi Lewin na wenzake walivyomweleza kiongozi wa kiimla. Anatoa hatua moja moja, hivyo wavulana hawajui kinachofuata. Anasifu na kukemea mtu binafsi, kwa namna isiyoeleza kazi ina kasoro gani. Anajitenga na kazi ila anapoonyesha jambo. Linganisha na meseji yako. Ulitoa mpango wa asubuhi nzima kwa mkupuo mmoja, ulieleza sababu ya kila agizo gumu, hukumkemea mtu, na wewe mwenyewe ulichukua mstari wa madalali, ambao ndio ulikuwa mgumu. Kulikuwa na maagizo mengi, ndiyo, lakini uimla haukuwepo. Ulielekeza watu ambao kwa kazi ile, kuhoji wafanyabiashara waliokuwa na haraka, hakuna aliyewahi kuifanya. Wenzako walikuwa na wasiwasi na hawakuwa na ujuzi, na kwa utayari wa chini namna hiyo Hersey na Blanchard wanasema elekeza.

Kisha tumia kipimo cha kutoka chumbani. Saa tano na dakika kumi ulikwenda ofisi ya soko na barua ya utambulisho kugongewa muhuri, ukarudi saa sita na robo. Katika saa ile moja picha za madodoso yaliyojazwa ziliendelea kuingia kwenye kundi, nimehesabu tisa. Kama ungekuwa mwimla wa Lewin, tungetarajia kazi ilegee ulipoondoka. Huo ndio ushahidi anaokudai mhadhiri. Hukuhitaji kuutafuta maktaba.

Sitaki uuvimbishe, hata hivyo. Saa moja ni muda mfupi, na wenzako walikuwa na sababu nyingine ya kuendelea: hakuna aliyetaka kurudi tena kwenye baridi ile siku ya pili. Iandike sababu hiyo. Anayesahihisha humwamini zaidi mwandishi anayetaja maelezo mengine yanayowezekana.

Tukio la pili ndilo lenye utajiri mkubwa kuliko yote, na kwenye rasimu umeliruka kabisa. Naelewa kwa nini, linauma. Baada ya kazi ya sokoni mwenzako mmoja aliandika, "Excel niachieni mimi, nitamaliza fasta." Ukajibu kwa kidole gumba. Siku ya pili ukapata msiba, ukaenda Makete siku nne. Uliporudi, faili lilikuwa limejazwa mistari yote 60, limepakwa rangi vizuri, lakini safu ya bei ilikuwa haifai: wengine waliandika bei ya gunia, wengine ya debe, wengine ya sado, na zote zimeingizwa safu moja bila kipimo chake. Wastani uliotoka haukuwa bei ya kitu chochote kinachouzwa Uyole. Mlirudia kuingiza upya siku mbili kabla ya kuwasilisha, na ndiyo maana ya zile meseji za saa saba usiku.

Ukiambiwa ulitumia mtindo gani, utajibu: nilikasimu. Nakataa, na ningependa uwe na ujasiri wa kukataa mwenyewe kwenye ripoti. Kukasimu kuna vitu vitatu ambavyo kidole gumba hakina. Kuna kitu kilichokubaliwa kitoke: faili lenye safu gani, kwa kipimo gani. Kuna siku. Na kuna namna ya kuangalia njiani, kwa mfano mistari kumi ya kwanza itumwe kundini kabla ya kuendelea na hamsini. Ukikosa hivyo, ulichofanya ni kuacha huria, mtindo ambao katika jaribio la Lewin na wenzake ulitoa kazi kidogo na isiyoridhisha. Kukasimu ni uamuzi wa kiongozi aliyepima akaona mtu anaweza, na huria ni pale ambapo uamuzi haukufanyika. Wewe hukupima. Ulifurahi kwamba mtu amejitolea.

Na ungepima ungeona nini? Hapa nakuomba uende taratibu, maana ndipo ripoti nyingi zinapoteza alama bila mwandishi kujua. Mwenzako huyo alikuwa na moyo sana na ujuzi mdogo. Katika mpangilio uliobaki kwa Hersey, mtu wa chini kabisa ni yule asiyeweza na asiyetaka au mwenye wasiwasi. Asiyeweza ila yuko radhi ni ngazi ya pili, na dawa yake ni kushawishi. Lakini Blanchard baadaye, miaka ya 1980, alitoa toleo lake mwenyewe akabadilisha mpangilio. Kwake mtu wa ngazi ya kwanza ni huyo huyo mgeni wa kazi mwenye shauku, na dawa yake ni kuelekeza. Moyo huvunjika ngazi ya pili, akishagundua kazi ni ngumu kuliko alivyodhani. Mtu mmoja, kazi moja, matoleo mawili yanatoa majibu mawili. Ukiandika "kwa mujibu wa Hersey na Blanchard" bila kusema toleo lipi, mhadhiri anayejua atakukata hapo.

Wewe lichague lako na useme kwa nini. Mimi ningemtazama Blanchard kwa tukio hili, kwa sababu meseji zinaonyesha hasa safari aliyoieleza: siku ya kwanza "nitamaliza fasta", siku ya tatu "hizi bei mbona hazieleweki", siku ya nne kimya. Shauku ilishuka njiani, na hakuwepo wa kumshika mkono. Kilichohitajika siku ya kwanza kilikuwa maelekezo ya dakika ishirini: safu ya kiasi, safu ya kipimo, safu ya bei, na bei isiingizwe kabla kipimo hakijaandikwa. Siku ya tatu, alipouliza, ndipo palipohitajika mazungumzo. Swali lake lilikaa saa tisa bila kujibiwa na yeyote kati yenu watano.

Usiutumie msiba kama kinga, wala usijihukumu kwa huo. Uandike kama hali iliyokuwepo. Kilichokuwa mikononi mwako kilitokea siku moja kabla ya safari.

Tukio la tatu nitalipitia kwa ufupi kidogo, ingawa najua ndilo linalokukera zaidi. Yule mwenzako aliyetakiwa kuandika sura ya pili ya utafiti wenu, umemwita "mvivu" mara mbili. Ukisoma meseji tangu mwanzo, huyu ndiye aliyetengeneza dodoso karibu peke yake, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta utangulizi. Kisha mkakaa kikao akiwa hayupo, mkaubadilisha utangulizi wake kwa kura tano kwa sifuri, na hakuna aliyemwambia. Aliuona kwenye faili. Tangu hapo akanyamaza. Wewe ukaongeza maagizo: "Naomba sura ya pili kesho saa kumi na mbili bila kukosa," kisha nyingine yenye herufi kubwa zote. Hakuna kilichokuja hadi mlipokutana nje ya maktaba mkanywa chai, ukamsikiliza, na siku mbili baadaye sura ikaja, nzuri.

Mtu huyu anaweza, ila hayuko radhi. Kwa ngazi hiyo maagizo hayaongezi kitu, kwa kuwa tatizo si kutojua. Kinachotakiwa ni kushirikisha: kusikiliza, kumrudishia sauti kwenye kazi yake. Wewe ulielekeza kwanza, ukashindwa, ukashirikisha baadaye, ukafaulu. Na jambo ambalo ningeliandika kwa herufi nzito kama ningekuwa wewe ni hili: kilichomvunja moyo kilikuwa kitendo chenu cha kidemokrasia. Kura ilipigwa kihalali kabisa. Kura inaamua jambo la kikundi. Haijui nani kati ya wajumbe ndiye mwenye kazi. Kwa hiyo jina ulilojipa, kidemokrasia, ndilo lililokuwa chanzo cha mgogoro mkubwa zaidi wa kikundi chenu. Lewin asingekubali kuuita uamuzi ule wa kidemokrasia bila mjadala uliomhusisha mhusika, na hapo pana aya nzima ya uchambuzi ukitaka. Neno "mvivu" lifute. Andika kilichoonekana: siku sita bila ujumbe.

Kuhusu mipaka ya nadharia yenyewe, weka aya moja au mbili, lakini ziwe za kweli. Mwaka 1987 Robert Vecchio aliijaribu nadharia ya Hersey na Blanchard kwa walimu wa sekondari Marekani, akakuta inashikilia vizuri zaidi kwa wageni wa kazi, wanaohitaji maelekezo, na ushahidi unapungua kwa walio na utayari wa juu. Hilo linakuhusu moja kwa moja. Dai lako la asubuhi ya sokoni liandike kwa sauti ya uhakika. Dai la mwenzako wa sura ya pili liandike kwa tahadhari, maana huenda chai ile ilifanya kazi kwa sababu uliomba radhi, si kwa sababu ya ngazi yoyote ya utayari.

Mpaka wa pili ni wa mazingira yako. Nadharia hii ilijengwa kwa bosi na mtumishi. Wewe huna mshahara wa kuzuia wala barua ya onyo. Mna alama moja ya pamoja na mtaonana bwenini jioni. Kuelekeza mtu wa rika lako kunagharimu kuliko kumwelekeza mtumishi, na hata herufi kubwa kwenye kundi zinabaki kukumbukwa hadi mwaka wa tatu. Jiulize kwenye ripoti: sokoni wenzangu walikubali maagizo kwa sababu yalifaa, au kwa sababu walikuwa wanaona baridi na wamechoka kupiga kura?

Mpaka wa tatu unagusa mikono yako mwenyewe. Anayepima utayari ni kiongozi, na kiongozi ana sababu ya kupima vibaya. Ni rahisi kusema fulani "hakuwa tayari" baada ya kazi kuharibika. Dawa yake unaweza kuifanya kesho. Wape wenzako watano jedwali dogo la kazi nne, yaani kuhoji sokoni, kuingiza data, kuandika, kuwasilisha, na kila mmoja ajiandikie kwa kila kazi: nilikuwa naiweza kiasi gani, nilikuwa na moyo kiasi gani, kwa namba 1 hadi 4. Wewe jaza lako la kuwapima kabla hujayaona yao. Mahali namba zinapopishana kwa mbili au zaidi ndipo pa kuandikia. Watakuwa wanakumbuka nyuma, na kumbukumbu hujipendelea, kwa hiyo usiyaweke kama vipimo vya maabara; yaweke kama sauti ya pili karibu na yako.

Sasa uandishi. Maneno 2,000 hayatoshi kwa nadharia sita, na rasimu yako inazo sita. Ondoa zote zisizo Lewin na Hersey na Blanchard. Nadharia hizi mbili zieleze kwa maneno 400, si zaidi. Tukio la Excel lipe nafasi kubwa kuliko yote, kama maneno 600, kwa sababu ndipo ulipokosea na ndipo nadharia zinapogombana. Sokoni na sura ya pili zigawane 600 nyingine. Kinachobaki ni mipaka na utakachofanya tofauti. Kama mnatumia mzunguko wa tafakari wa Gibbs wa mwaka 1988, hatua zake ziko ndani ya kila tukio: kilichotokea, ulichohisi, kilichofaa na kisichofaa, kwa nini, umehitimisha nini, na mpango. Usizifanye vichwa vya habari sita kwa ripoti nzima, maana matukio matatu yatachanganyikana.

Nikuonyeshe aya moja ilivyokuwa na inavyoweza kuwa. Uliandika: "Kama kiongozi wa kidemokrasia niliwapa wenzangu uhuru wa kufanya kazi zao, ingawa baadhi hawakuwajibika ipasavyo." Jaribu hivi:

"Tarehe 14 mjumbe C aliomba kuingiza data. Nilikubali bila kuuliza kama amewahi kuifanya kazi hiyo na bila kukubaliana kuhusu vipimo vya bei. Wakati ule niliona ninakasimu, na niliona fahari kidogo kwamba siwabani wenzangu. Nikitazama sasa, mjumbe C alikuwa na shauku kubwa na uzoefu mdogo, hali ambayo toleo la Blanchard linataka maelekezo. Mtindo wangu ulikuwa karibu zaidi na huria ya Lewin, kwa kuwa hapakuwa na makubaliano wala ukaguzi. Swali lake la tarehe 16 kuhusu bei lilikaa saa tisa bila jibu."

Aya hiyo haina msamiati mgumu kuliko ya kwanza. Ina mtu, kazi, tarehe, hisia, na hukumu inayoweza kukaguliwa. Tumia herufi kwa wajumbe, usitumie majina, na kabla ya kubandika picha ya meseji yoyote kwenye viambatisho omba ruhusa ya aliyeiandika. Mjumbe C hasa umwonyeshe aya inayomhusu kabla hujawasilisha. Kama atasema mambo hayakuwa hivyo, weka maelezo yake kando ya yako, usiyafute.

Sehemu ya mwisho, ile ya utakachofanya tofauti, umeandika "nitaboresha mawasiliano". Hiyo ifute. Andika kitu ambacho mtu anaweza kukuona ukikifanya au usikifanye: kabla ya kumwachia mjumbe kazi yoyote nitamwomba anionyeshe sehemu ya kumi ya kwanza, nikisafiri nitataja nani anajibu maswali kwa niaba yangu, hatutabadilisha maandishi ya mtu kabla hajaambiwa. Muhula ujao mna kazi nyingine ya kikundi, kwa hiyo utapata pa kuyajaribu.

Anza na tukio la Excel leo, kabla ya mengine, ungali unaona aibu yake. Ukilimaliza nitumie hilo peke yake, pamoja na lile jedwali la namba za wenzako kama watakuwa wamelijaza.